Rangi ya jirani: mistari kwenye vigae vya gemu na pambizo inayoiondoa

Mchezaji anatembeza mhusika wake kwenye uwanja wa majani. Uwanja wote ni wa kijani, lakini kamera ikisogea tu, mstari mwembamba wenye rangi chafu unamulika kati ya kigae na kigae, unapotea, kisha unatokea mahali pengine. Mchoraji anafungua faili lake na kulikuza mpaka kila pikseli ionekane kama mraba mkubwa. Majani ni safi. Msanidi programu anapitia hesabu za mahali pa kila kigae. Nazo ni sahihi. Hata hivyo mstari upo, na kila anayelicheza gemu hilo anauona.

Tatizo hili ni la kawaida sana kwenye magemu ya vigae, yaani yale ambayo ardhi, kuta na maji yake hupangwa kwa vipande vidogo vya mraba. Chanzo chake ni namna chipu ya michoro inavyosoma rangi pale picha mbili zinapopakana ndani ya faili moja. Dawa yake ni pambizo, ukanda mwembamba unaoachwa kuzunguka kila picha. Lakini pambizo yenyewe ina masharti: ikiachwa tupu huondoa kasoro moja na kuleta nyingine, na ikiwa nyembamba kupita kiasi hufanya kazi karibu na kushindwa mbali.

Picha nyingi ndani ya faili moja

Kila mara gemu linapobadilisha picha inayochorwa, programu hulazimika kuiambia chipu ya michoro iache picha ya kwanza na kushika ya pili. Agizo moja kama hilo si kitu. Maagizo elfu kwa kila fremu, fremu sitini kwa sekunde, huilemea hata kompyuta nzuri, sembuse simu. Kwa hiyo watengeneza gemu hukusanya picha ndogo na kuzipanga kwenye picha moja kubwa iitwayo atlasi. Chipu hushika atlasi mara moja, kisha kila kigae huchorwa kwa kutaja tu ni sehemu gani ya atlasi itumike.

Mfano unaojulikana sana ni Minecraft. Katika matoleo yake ya mwanzo, sura za matofali yote zilikaa kwenye faili moja liitwalo `terrain.png`, lenye upana wa pikseli 256 na urefu wa 256. Ndani yake mlikuwa na safu 16 za vigae 16, kila kimoja kikiwa na pikseli 16 kwa 16. Vigae vilibanana bila nafasi yoyote katikati. Toleo 1.5, lililotoka Machi 2013, liliachana na mtindo huo: kila sura ikawa na faili lake, na gemu lenyewe likaanza kuziunga faili hizo kuwa atlasi linapowashwa.

Mpangilio huo wa 256 kwa 256 unafaa kufanyia hesabu, maana ndio ambao wanaoanza kutengeneza magemu ya vigae huutumia hadi leo.

Chipu haisomi pikseli moja

Mtu huweza kudhani kwamba chipu ikihitaji rangi huenda kwenye pikseli husika na kuichukua ilivyo. Hufanya hivyo katika hali moja tu, ile iitwayo `GL_NEAREST` kwenye OpenGL. Katika hali ya pili, `GL_LINEAR`, ambayo hutumika picha zinapotakiwa kukuzwa au kupunguzwa bila kuonekana za miraba miraba, chipu huchukua pikseli nne zilizo karibu na mahali palipoombwa na kuzichanganya. Iliyo karibu zaidi huchangia zaidi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba rangi ya pikseli huhesabiwa kuwa iko katikati ya mraba wake. Ukisoma katikati kabisa ya pikseli, unapata rangi yake peke yake. Ukisoma kwenye mpaka wa pikseli mbili, unapata nusu kwa nusu. Chipu haijui kwamba mpaka huo ni ukingo wa kigae cha majani na mwanzo wa kigae cha moto. Kwake yeye atlasi ni picha moja.

Tuchukue majani yenye rangi ya nyekundu 90, kijani 160 na buluu 60. Jirani yake kwenye atlasi ni kigae cha lava: nyekundu 220, kijani 80, buluu 20. Kigae cha majani kinachorwa kwenye skrini kikiwa kimekuzwa mara tatu, kwa hiyo pikseli zake 16 zinatandazwa juu ya pikseli 48 za skrini. Pikseli ya skrini iliyo ukingoni kabisa itasoma atlasi kwenye umbali wa theluthi moja ya nusu pikseli kutoka mpakani. Kwa kuwa iko karibu hivyo na mpaka, theluthi mbili za rangi yake zitatoka kwenye majani na theluthi moja kwenye lava. Matokeo ni nyekundu 133, kijani 133, buluu 47: rangi ya zeituni chafu, isiyokuwemo kwenye faili lolote. Pikseli ya skrini inayofuata inasoma katikati kabisa ya pikseli ya majani, na hapo lava haimo tena. Ndiyo maana mstari ni mwembamba kiasi cha pikseli moja na una ukingo mkali.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini mchoraji hauoni mstari mezani kwake. Kigae kikichorwa kwa ukubwa wake halisi na kikikaa sawasawa juu ya pikseli za skrini, kila usomaji huangukia katikati ya pikseli na jirani hachangii chochote. Kamera ikisogea kwa sehemu ya pikseli, usomaji nao unasogea, na rangi ya jirani inaingia. Kamera ikisimama mahali palipo sawa, mstari unatoweka. Wengi hudhani ni hitilafu ya simu au ya skrini.

Kubadilisha hali iwe `GL_NEAREST` hupunguza tatizo lakini hakulimalizi. Hesabu za chipu zina kikomo cha usahihi. Mahali panapopaswa kuwa 16 panaweza kutoka 15.9999, na pengo hilo dogo linatosha kuchagua pikseli ya kigae kingine. Safari hii rangi haichanganyiki, inaingia yote: mstari wa lava kamili katikati ya majani.

Pambizo tupu na kasoro ya pili

Jambo la kwanza linalomjia mtu akilini ni kuvitenganisha vigae. Anaacha pikseli moja au mbili za uwazi kati ya kila kimoja na mwenzake. Lava haigusi majani tena, na mstari wa zeituni unaondoka.

Lakini usomaji wa ukingoni bado unavuka mpaka, ila sasa unakutana na uwazi. Theluthi moja ya rangi inakuwa hakuna kitu. Kigae kinakuwa na ukingo unaopitisha mwanga, na kigae cha pili kando yake nacho vilevile, na kati yao kile kilichopo nyuma kinachungulia. Kama nyuma ni nyeusi, uwanja wa majani unagawanyika kwa gridi ya mistari myeusi. Hii ndiyo kasoro ya pili, ya mishono inayoonekana, na mara nyingi huchanganywa na ile ya kwanza kwa sababu zote mbili huonekana kama mistari.

Kuna njia rahisi ya kuzitofautisha. Badili rangi ya mandhari ya nyuma iwe ya zambarau kali ambayo haitumiki popote kwenye gemu. Mistari ikibaki na rangi yake ya awali, inatoka kwenye kigae jirani ndani ya atlasi. Mistari ikigeuka zambarau, kuna mahali ambapo uwazi unapenya. Hapo fanya jaribio la pili: paka pambizo yenyewe rangi ya chungwa isiyopitisha mwanga. Mistari ikiwa ya chungwa, ukingo unasoma pambizo. Ikibaki zambarau, atlasi haihusiki. Vigae vyenyewe vimewekwa mbalimbali kwenye skrini, pengine kwa sababu mahali pa kila kimoja pamekadiriwa peke yake badala ya viwili kutumia nukta zilezile za mpakani. Hakuna pambizo itakayoponya hilo.

Kujaza pambizo

Dawa kamili ni pambizo yenye rangi ya ukingo wa kigae chenyewe. Fundi cherehani haishii kukata kitambaa pale mshono unapopita. Huacha upindo wa kitambaa kilekile, ili sindano ikiyumba kidogo bado ikutane na nguo. Pambizo iliyojazwa hufanya kazi hiyo. Safu ya mwisho ya pikseli upande wa kulia inarudiwa mara moja upande wa kulia, ya juu inarudiwa juu, na pikseli za pembeni zinajaza pembe nne. Usomaji ukivuka mpaka unakutana na rangi ileile, na kuchanganya majani na majani kunatoa majani.

Kazi hiyo haifanywi kwa mkono. Programu ya TexturePacker ina mpangilio uitwao Extrude kwa ajili hiyo, ulio tofauti na Shape padding, ambao huacha nafasi tupu tu. Kifungashi cha libGDX kina `paddingX` na `paddingY`, ambavyo kwa kawaida ni 2, lakini nafasi hiyo hubaki tupu mpaka `duplicatePadding` iwekwe kuwa `true`. Kwenye Godot 4, vigae vya atlasi vina chaguo la Use Texture Padding, ambalo huwashwa tangu mwanzo na huongeza pikseli moja kuzunguka kila kigae. Kwa wanaotumia Phaser kuna zana ndogo ya mstari wa amri:

```
tile-extruder --tileWidth 16 --tileHeight 16 --input ardhi.png --output ardhi-pambizo.png
```

Baada ya amri hiyo, kila kigae cha pikseli 16 kinakalia chumba cha pikseli 18. Kigae cha kwanza hakianzii tena kwenye 0 bali kwenye 1, cha pili kwenye 19, cha tatu kwenye 37. Programu lazima iambiwe hivyo: kuna pikseli 1 mwanzoni, na pikseli 2 kati ya kigae na kigae.

```
map.addTilesetImage("ardhi", "ardhi-pambizo", 16, 16, 1, 2);
```

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanaandaa faili jipya vizuri lakini wanasahau namba mbili za mwisho, na ramani inavurugika. Dalili yake ni ya pekee: kigae cha kwanza kinaonekana karibu sawa, cha pili kimehama kidogo, cha tatu zaidi, na kila safu inazidi kwa pikseli mbili. Kufika kigae cha tisa tofauti imekuwa pikseli 17, na kinachoonekana ni kigae cha nane. Ukiona mhamo unaoongezeka hivyo kutoka kushoto kwenda kulia, usiguse picha, rekebisha namba.

Pambizo ina gharama, nayo ni nafasi. Vigae 256 vilivyojaa kwenye mraba wa 256 sasa vinahitaji mraba wa 288, kwa sababu 16 mara 18 ni 288. Kwa baiti nne kwa kila pikseli, kumbukumbu inapanda kutoka kilobaiti 256 hadi 324. Hilo si kubwa. Lakini ikiwa mradi unalazimisha ukubwa wa 256, 512 au 1024 pekee, basi kuna mawili: kupanda hadi 512, au kubaki 256 na kuingiza vigae 14 kwa safu, jumla 196, na kutafutia 60 vilivyobaki mahali pengine. Mwenye kupanga atlasi hufanya vizuri kuhesabu pambizo kabla mchoraji hajaanza kazi.

Picha zisizo za mraba, kama mhusika, mti au ndege, hutaka uangalifu wa namna nyingine. Kingo zake hazigusi mwisho wa chumba. Zimezungukwa na uwazi tayari. Tatizo ni kwamba pikseli ya uwazi nayo hubeba rangi iliyofichika, mara nyingi nyeupe au nyeusi, na ikichanganywa na ukingo wa jani huacha uzi mweupe au mweusi kuzunguka mti mzima. Hapo kinachotakiwa ni kuipa pikseli ya uwazi rangi ya jirani yake inayoonekana huku uwazi wake ukibaki ulivyo. Kwenye libGDX mpangilio huo huitwa `bleed`, na huwa umewashwa tayari.

Pikseli ngapi zinatosha?

Kwa gemu la pande mbili ambalo kamera yake haiendi mbali, pikseli moja iliyojazwa inatosha. Mambo hubadilika picha inapopunguzwa sana, kama uwanja unaotanda hadi upeo wa macho kwenye gemu la pande tatu.

Kwa hali hiyo chipu hutumia ngazi za picha zilizopunguzwa mapema, mbinu aliyoieleza Lance Williams mwaka 1983 na inayojulikana kama mipmapu. Ngazi ya sifuri ni picha kamili. Ngazi ya kwanza ni nusu yake kwa upana na urefu, ya pili ni robo, na kuendelea hadi pikseli moja. Kila pikseli ya ngazi mpya hupatikana kwa kuchukua wastani wa pikseli nne za ngazi iliyotangulia.

Pambizo nayo hupunguzwa pamoja na picha. Pikseli 8 za ngazi ya sifuri huwa 4 kwenye ngazi ya kwanza, 2 kwenye ya pili na 1 kwenye ya tatu. Kwa hiyo kanuni salama ni hii: pikseli 1 hulinda picha kamili, 2 hulinda hadi ngazi ya kwanza, 4 hadi ya pili, 8 hadi ya tatu. Ikizidi hapo, wastani unaanza kuchota rangi za vigae viwili tofauti na kuzifanya pikseli moja. Rangi zikishachanganywa ndani ya ngazi yenyewe, hakuna usomaji makini utakaozitenganisha. Dalili yake ni mistari inayotokea mbali tu: chini ya miguu ya mhusika majani ni safi, na kadiri jicho linavyokwenda mbele gridi inajitokeza na kuwa nene.

Tukirudi kwenye vigae vyetu 256, pambizo ya pikseli 8 kila upande inafanya chumba kiwe cha 32, na safu ya vyumba 16 inafikia 512 kamili. Ukubwa huo unafaa pia kwa sababu nyingine: 32 inagawanyika kwa 2, kwa 4 na kwa 8, kwa hiyo hakuna wastani wa ngazi tatu za kwanza unaovuka mpaka wa chumba. Vyumba vya 18 havina sifa hiyo. 18 haigawanyiki kwa 4, na kwenye ngazi ya pili pikseli moja tayari inachota vyumba viwili. Lakini atlasi ya 512 ni megabaiti moja, mara nne ya ile ya mwanzo, na robo tatu yake ni pambizo. Baada ya kulipa hivyo, inabaki kuizuia chipu isishuke chini ya ngazi zinazolindwa:

```
glTexParameteri(GL_TEXTURE_2D, GL_TEXTURE_MAX_LEVEL, 3);
```

Kuzuia ngazi kuna athari yake: vitu vya mbali sana vitametameta kidogo kamera inaposogea, kwa sababu picha haijapunguzwa vya kutosha.

Ubanaji wa picha kwa ajili ya simu nao huingia kwenye hesabu. Mfumo wa ETC2, kama ilivyo mingine mingi ya aina yake, hugawa picha kwa vipande vya pikseli 4 kwa 4 na kuzipa pikseli 16 za kila kipande rangi chache za kugawana. Kipande kikikaa nusu kwenye majani na nusu kwenye lava, rangi zitaathiriana hata pambizo ikiwa imejazwa vizuri. Chumba kikianzia kwenye namba inayogawanyika kwa 4, hilo halitokei. Chumba cha 18 kinashindwa jaribio hili. Cha 20, chenye pambizo ya 2, kinafaulu, na safu ya vyumba 16 inakuwa 320.

Pambizo inapokuwa si jibu

Njia ya kukwepa pambizo kabisa ni kusoma ndani kidogo ya ukingo, nusu pikseli kila upande, ili usomaji usifike mpakani. Njia hii haihitaji kufungasha atlasi upya na inafaa pale faili la vigae haliwezi kubadilishwa. Ila kigae cha pikseli 16 sasa kinaonyesha 15 tu zilizonyooshwa kujaza nafasi ya 16. Kwenye mchoro wenye mistari myembamba, kama matofali au sakafu, mnyoosho huo unaonekana. Tena nusu pikseli ya ngazi ya sifuri haimfikii jirani anayeingia kupitia ngazi za mbali.

Kwa vigae vyenye ukubwa mmoja, kuna muundo unaoondoa mpaka wenyewe: safu ya tekscha, iliyomo kwenye OpenGL tangu toleo 3.0 na kwenye WebGL 2. Kila kigae hukaa kwenye tabaka lake, kina ngazi zake chenyewe, na chipu haichanganyi tabaka na tabaka inaposoma. Usomaji ukifika ukingoni unaweza kuamriwa ukomee hapo kwa `GL_CLAMP_TO_EDGE`, jambo lisilowezekana ndani ya atlasi kwa sababu amri hiyo hutambua ukingo wa picha nzima tu. Sharti ni kwamba tabaka zote ziwe na upana na urefu ule ule. Ardhi, kuta na maji ya pikseli 16 vitaingia humo bila shida. Mhusika wa 48 kwa 64 na vitufe vya menyu vitabaki kwenye atlasi, kila kimoja na pambizo yake.